Magaga ya Katwe na Asilimia Iliyoandikwa Kwenye Tyubu

Fundi anayechomelea milango ya chuma Katwe hushinda amesimama juu ya udongo uliochanganyika na unga wa chuma, miguuni ana lugabire, vile viatu vya tairi ambavyo Watanzania huviita katambuga na Wakenya akala. Jirani yake anayeuza sigiri kando ya barabara ya kwenda Kibuye amevaa sapatu. Jioni wote wawili hunawa miguu kwa sabuni ya unga, kwa kuwa ndiyo inayong'oa masizi. Wana kila sababu ya kuota magaga, na wanayo. Wakifika duka la dawa, ombi lao ni moja: wapewe ile kali kabisa.

Hapo ndipo wengi hupotea. Krimu za miguu zenye urea na asidi laktiki zinafanya kazi, na zinafanya vizuri, lakini nguvu yake huchaguliwa kwa unene wa ngozi, si kwa kiasi cha maumivu. Kisigino kinachouma sana mara nyingi ni kile ambacho ufa umeshafika kwenye nyama hai, na juu ya nyama hai krimu kali huchoma tu. Kisigino kisichouma kabisa, chenye ukingo wa manjano mgumu kama pembe, ndicho kinachoihitaji ile kali.

Tuanze na kinachopasua. Ngozi ya wayo haina tezi za mafuta hata moja. Ina jasho tu, kwa hiyo ikikauka haina akiba ya kujilainisha. Chini ya kisigino kuna mto wa mafuta unaobeba uzito wa mwili. Unaposimama, mto huo hubanwa na kutanuka pembeni. Kiatu chenye kisigino kilichofungwa huuzuia usitanuke, ila sapatu na lugabire ziko wazi nyuma, hivyo hutanuka kila unapokanyaga. Ngozi ya pembeni ikiwa laini itavutika pamoja nao. Ikiwa nene na kavu haivutiki, inapasuka. Ndiyo maana nyufa za magaga husimama wima kwenye ukingo wa kisigino, na ni nadra kuzikuta katikati ya wayo.

Mwili hujibu msuguano kwa kuongeza ngozi ngumu, na ngozi ngumu ikizidi hupasuka zaidi. Vaselini pekee haivunji mzunguko huo. Inazuia maji yasitoke, jambo jema, lakini haipunguzi unene wa ule ukingo. Ukiipaka kwenye ganda la milimita tatu, asubuhi utaamka na ganda la milimita tatu linalong'aa.

Urea ni kitu ambacho ngozi yenyewe inacho. Imo katika ule mchanganyiko wa asili unaoshika maji ndani ya tabaka la juu, pamoja na chumvi za asidi laktiki. Katika krimu, tabia yake hubadilika kadiri asilimia inavyopanda. Chini ya asilimia 10 kazi yake kubwa ni kuvuta maji na kuyashikilia, ngozi ikawa laini bila kupungua. Kwenye 10 inaanza kulegeza magamba mepesi. Kuanzia 20 na kuendelea inalegeza protini ngumu inayoitwa keratini, na ganda huanza kuyeyuka polepole. Ikifika 40 ina nguvu ya kulainisha hata ukucha mzima hadi ung'olewe bila kisu, na madaktari wa ngozi huitumia hivyo wanapotibu kucha zenye ugonjwa.

Asidi laktiki inashika njia nyingine. Yenyewe hukata viungo vinavyoziunganisha seli zilizokufa, zikaachana na kudondoka. Ni asidi ileile inayoyafanya maziwa ya bongo yawe machachu, ila humo ni karibu asilimia 1 tu, kwa hiyo wanaopaka maziwa yaliyoganda miguuni wanapata ubaridi mzuri na kidogo sana cha ziada. Katika krimu za miguu huwa 5 hivi, na zipo losheni zenye chumvi yake kwa asilimia 12. Mwaka 1968 daktari wa ngozi wa Uswidi, Gunnar Swanbeck, aliandika juu ya kutumia krimu ya urea kwa ngozi yenye magamba mazito. Mpaka leo mchanganyiko mmoja unaojulikana sana ni wa urea 10 na asidi laktiki 5, unaouzwa kwa jina la Calmurid.

Viwili hivyo kuwekwa pamoja kuna sababu ya pili, nayo ni ya ndani ya tyubu. Urea ikikaa katika maji, hasa penye joto, huvunjika kidogo kidogo na kutoa amonia. Amonia huifanya krimu kuwa na ukali wa magadi, na hali hiyo huiharibu zaidi. Asidi laktiki kidogo huuzuia mwelekeo huo. Kwa mtu wa Katwe anayelala chini ya mabati, jambo hili ni la kila siku: tyubu iliyoachwa dirishani ikipigwa jua la Januari huharibika kabla ya tarehe yake. Utaitambua kwa harufu ya mkojo uliolala, au kwa maji yaliyojitenga juu, au kwa chembechembe za mchanga mchanga unapoisugua kati ya vidole. Itupe. Mpya iweke ndani ya sanduku la nguo au chini ya kitanda, mahali penye kivuli.

Kuna pia swali ambalo huulizwa kwa utani na mara nyingine bila utani: kwa nini nisinunue urea ya shambani pale Container Village nikaichanganye na vaselini? Ni kweli kwamba ni molekuli ileile. Lakini mbolea haikusafishwa kwa ajili ya ngozi, na urea haiyeyuki katika vaselini. Utabaki na punje ngumu ndani ya mafuta, na utakuwa unazisugua kwenye nyufa.

Sasa tuchague nguvu. Kaa kwenye mwanga wa mchana, mguu ukiwa mkavu na safi, usipake chochote kwanza. Bonyeza ukingo wa kisigino kwa kidole gumba. Ukibonyea na kurudi, na unachokiona ni weupe wa unga na mistari midogo isiyo na kina, ngozi yako ni kavu, haijawa nene. Urea ya asilimia 10, yenye asidi laktiki au isiyo nayo, inakutosha, na kununua kali zaidi ni kupoteza hela. Ukingo ukiwa haubonyei, una rangi ya manjano au kijivu, na ukiugonga kwa ukucha unatoa sauti kavu, hapo unahitaji 20 hadi 25. Asilimia 40 iache kwa vipande vidogo vya sugu ambavyo 25 imeshindwa kuvigusa, na ipakwe pale tu, isienee. Mimi sioni sababu ya mtu kuanza nayo nyumbani.

Baada ya unene, angalia kina cha nyufa. Fungua ufa taratibu kwa vidole viwili. Chini yake kukiwa na rangi ileile ya ngozi ngumu, endelea na krimu. Kukiwa na wekundu, maji au damu, simama. Ufa huo ufungwe kwanza: osha, kausha, jaza vaselini, ubane kwa plasta upana wake ukivuka ufa, ili pande mbili zikaribiane unapotembea. Badilisha kila siku. Kwa kawaida huziba ndani ya siku chache. Wakati huo krimu yenye urea inaweza kupakwa kwenye ukingo mgumu wa kando, mbali na ufa wenyewe, lakini yenye asidi laktiki isubiri mpaka pafunge. Atakayeipaka mapema atajua kwa nini kabla hajafunga kifuniko.

Tuchukue mfano wa yule muuza sigiri wa barabara ya Kibuye. Ana miaka 45, hana kisukari, visigino vyake ni vigumu pande zote mbili, nyufa zipo nne au tano, mmoja wa mguu wa kushoto unatoa damu akikanyaga jiwe. Ameshanunua krimu ya asilimia 10 na kuiacha baada ya wiki moja kwa sababu haikufanya kitu. Haikufanya kitu kwa kuwa ganda lilikuwa nene kuliko uwezo wake.

Wiki ya kwanza anashughulika na ufa wa damu kwa vaselini na plasta, na kubadilisha sabuni ya unga iwe ya kipande. Masizi ya sigiri yakigoma, apake mafuta ya kupikia kidogo kwanza, ayafute kwa kitambaa, ndipo anawe. Ufa ukifunga anaanza na urea 25 usiku. Saa ya kulala analoweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, bila sabuni wala chumvi. Anasugua kwa jiwe la miguu, kwa upande mmoja, mikono myepesi, mara chache tu. Anapangusa, na kabla ngozi haijakauka kabisa anapaka.

Kiasi kina kipimo chake. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada, kutoka ncha hadi mkunjo wa kwanza. Mstari huo ni karibu nusu gramu. Kwa kisigino kinene, mstari mmoja kwa kila mguu unatosha, yaani gramu moja kwa usiku. Kwa majuma manne atatumia chini ya gramu 30. Hesabu hii ni ya faida kwa mfuko: ile kali inunuliwe tyubu ndogo, kwa kuwa ni ya muda mfupi, na pesa iliyobaki inunue tyubu kubwa ya 10, ambayo ndiyo atakayoishi nayo. Madukani watu wengi hufanya kinyume.

Anaipaka kwenye kisigino na ukingo wake tu. Isipande kwenye kifundo wala upinde wa mguu, ambako ngozi ni nyembamba. Katikati ya vidole ni marufuku, kwa kuwa unyevu huko ni karibisho la fangasi. Kwa ngozi nyeusi kuna sababu nyingine ya kuwa mwangalifu: krimu kali ikiwasha ngozi nyembamba, mwasho ukiisha huacha doa jeusi, na doa hilo hukaa miezi. Ukiona mstari mweusi umezunguka mguu juu kidogo ya kisigino, mara nyingi ndipo krimu ilipoishia.

Kisha anavaa soksi za pamba na kulala. Kuna mtindo wa kufunga mguu kwa kaveera ili dawa izame. Inazama kweli, na hilo ndilo tatizo. Chini ya plastiki, 25 hufanya kazi kama iliyo na nguvu zaidi ya ilivyoandikwa, na asubuhi ngozi huwa nyeupe, imevimba maji, inachubuka kwa kuguswa. Kaveera ikitumiwa iwe na krimu ya 10, kwa saa moja au mbili, siyo usiku kucha.

Ataonaje kwamba inafanya kazi? Siku za mwanzo magamba huongezeka, tena hubaki ndani ya soksi kama unga. Hiyo ni dalili njema. Juma la pili ukingo unaanza kubonyea chini ya kidole gumba. Juma la tatu na la nne nyufa zinakuwa mistari. Dalili mbaya pia zinajulikana: kuwashwa moto kunakozidi dakika chache baada ya kupaka, ngozi ya waridi inayong'aa, au maumivu kwenye sakafu tupu ambayo hayakuwepo. Huo ni ukali uliozidi. Aache siku tatu au nne, apake vaselini tu, kisha arudi kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja, au ashuke hadi 10.

Ukingo ukishalainika, ashuke. Watu hushikamana na ile 25 kwa kuwa ndiyo iliyowaponya, na baada ya miezi miwili wanakuwa na visigino vyembamba vinavyouma kwenye kokoto. Mtu anayesimama kutwa anahitaji unene fulani pale chini. Kazi ni kuondoa ziada.

Nataka kusema neno juu ya wembe. Katikati ya Kampala hupita vijana wenye vikapu vya rangi za kucha na beseni, na wapo wanaokwangua magaga kwa wembe au kwa kikwaruzo cha chuma. Matokeo hupendeza siku hiyohiyo. Lakini wembe haujui pa kuishia, na kidonda chake kwenye kisigino hupona polepole kwa sababu kila hatua inakifungua. Chombo kilekile kikienda mguu hadi mguu hubeba fangasi, na kikigusa damu kinaweza kubeba homa ya ini. Ukimwita kijana, mwambie akupake rangi tu, jiwe unalo nyumbani, na liwe lako peke yako.

Kuhusu kununua: tafuta asilimia upande wa mbele au wa nyuma wa tyubu. Isipoandikwa, soma orodha ya viambato, ambavyo hupangwa kutoka kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Urea ikiwa ya pili au ya tatu baada ya maji, ipo ya kutosha kufanya kazi. Ikiwa mwishoni, baada ya manukato, imewekwa kwa ajili ya jina. Tyubu nyingine huiita karbamidi, kwa herufi C. Hakikisha pia bidhaa ina alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na kama inauzwa kama dawa, duka liwe lenye leseni ya NDA. Sisemi hivi kwa ajili ya utaratibu tu. Sokoni kuna krimu zisizo na maelezo, zilizochanganywa na dawa kali za jamii ya steroidi kama klobetasoli. Kisigino hulainika haraka na mwenye kisigino hufurahi, kumbe ngozi inapunguzwa isivyotakiwa, na kama kulikuwa na fangasi inanenepa chini kwa chini.

Na fangasi ndiyo inayodanganya zaidi. Ipo aina inayofunika wayo wote kama kiatu, kavu, yenye unga mweupe uliokaa kwenye mikunjo ya ngozi. Haiwashi sana, kwa hiyo huchukuliwa kuwa magaga. Tofauti yake ni kwamba haiishii kwenye kisigino. Hupanda hadi upinde wa mguu na pembeni, kucha huwa nene na za manjano, na wakati mwingine kiganja kimoja cha mkono huwa na ukavu uleule. Urea itaulainisha mguu huo kwa wiki mbili kisha hali itarudi ilivyokuwa. Hapo inatakiwa dawa ya fangasi, terbinafini au klotrimazoli, ipakwe wiki kadhaa hata baada ya ngozi kuonekana safi, na urea iwe msaidizi wa kuifungulia njia. Kliniki inaweza kukwangua magamba kidogo na kuyatazama kwa darubini. Kwa hiyo mtu aliyetumia krimu sahihi kwa majuma manne bila badiliko lolote asinunue nyingine iliyo kali zaidi, akapimwe.

Kuna watu ambao kwao kisigino siyo jambo la nyumbani. Mwenye kisukari anaweza kutumia urea, tena humsaidia, lakini miguu yake iangaliwe kwanza na mhudumu, kwa sababu mguu uliopoteza hisia hautamwambia krimu inapochoma wala jiwe linapokata. Asiloweke miguu kwenye maji ya moto, asitumie jiwe gumu, na ufa wowote wenye maji au harufu aupeleke siku hiyohiyo. Asiye na kisukari lakini akagundua kisigino chake hakisikii, ajichome taratibu kwa ncha ya kalamu, afanye hivyo mguu mwingine, na akiona ganzi ipo kweli asihangaike na krimu. Ganzi na ngozi kavu pamoja zinaweza kutoka kwenye mishipa ya fahamu, na ukoma ni mojawapo ya sababu zake. Nundu yenye kidoa cheusi katikati ni funza, na krimu haina habari naye.

Kwa muuza sigiri wetu, baada ya majuma manne tyubu ya 25 inafungwa. Kuanzia hapo anapaka urea 10 yenye asidi laktiki usiku mara tatu au nne kwa wiki, mstari mmoja wa kidole kwa visigino vyote viwili. Kisigino kimeshafunga, asidi haimchomi tena, na kazi yake ya kudondosha magamba mapya ndiyo inayotakiwa sasa. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, anaweza kupunguza hadi mara mbili. Kiangazi cha Desemba na Januari vumbi likipanda, anarudi kila usiku, na ukingo ukigoma kubonyea anatoa ile 25 kwa usiku tano au sita. Kabla ya kuitoa anaangalia ile picha ndogo ya kopo lililofunguliwa nyuma ya tyubu. Ikiwa na 12M maana yake ni miezi 12 tangu ilipofunguliwa, kwa hiyo ni vizuri kuandika tarehe kwa kalamu siku anapoondoa kifuniko kwa mara ya kwanza.